Meseji 64, Mlio Mmoja

Chukua grupu la kamati ya harusi, lile ambalo karibu kila mwenye simu Dar es Salaam au Mombasa amewahi kuingizwa bila kuulizwa. Ni Alhamisi, saa mbili usiku, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mweka hazina amebandika orodha ya michango: jina, kiasi, alama ya tiki. Shemeji anatuma elfu hamsini. Orodha nzima inanakiliwa, jina lake linaongezwa chini, inabandikwa upya. Anafuata mjomba, orodha inabandikwa tena. Kila aliyetoa anashukuriwa na watu kumi, na kila mmoja ana meseji yake: "Ubarikiwe sana", "Asante baba mdogo", viganja vilivyounganishwa, maua. Nusu saa haijaisha, meseji 61 zimeshaingia. Kwenye mazungumzo mengine kabisa, mama ameandika "Ukipata nafasi nipigie", na fundi anayeshona suti ameandika mara mbili. Jumla 64. Wakati huohuo duka la mtandaoni ulikoagiza viatu linakuletea arifa tano: nne za punguzo la bei, na moja ya dereva anayesema yuko njiani lakini haoni geti.

Simu ya kawaida ikiwa imefungwa haiwezi kuonyesha zaidi ya arifa chache bila kubanana. Ukiichukua mezani ukakuta mstari mmoja wa WhatsApp unaosema kuna meseji 64 kutoka mazungumzo matatu, chini yake dereva, na punguzo zote zimejikunja mahali pamoja kimya, ujue kuna watu wameifanyia kazi. Ni watatu: aliyetengeneza programu, aliyetengeneza mfumo wa simu, na wewe mwenye simu. Mmoja wao akizembea, wenzake hawawezi kuliziba pengo lote. Nitaanza na Android, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye simu nyingi huku kwetu.

Kila arifa inapofika juu ya kioo inakuwa na namba iliyopewa na programu iliyoituma. Programu ikituma arifa nyingine yenye namba ileile, ya kwanza inafutika na mpya inakaa mahali pake. Ikituma yenye namba tofauti, zinakuwa mbili. Mafuriko yote yanaanzia hapo. Mtengenezaji mvivu anatoa namba mpya kwa kila jambo, na orodha ya arifa inarefuka mpaka kidole kinachoka kuivuta.

Zamani dawa ilikuwa moja tu: arifa moja inayobadilishwa maandishi. "Una meseji 2", kisha "Una meseji 3". Mwaka 2012, toleo la Android 4.1 likaruhusu arifa hiyo ikikunjuliwa ionyeshe mistari kadhaa ya yaliyomo. Ilisaidia, lakini kila kitu kilikuwa kimeshonwa pamoja. Hukuweza kumjibu mama peke yake, wala kuifuta ya fundi ukaiacha ya mama. Ukigusa, unaingia kwenye programu na kutafuta mwenyewe.

Mageuzi makubwa yalikuja na Android 7.0 mwaka 2016. Tangu hapo programu inaweza kuzipa arifa zake neno moja la siri, yaani ufunguo wa fungu, na mfumo ukiona arifa zenye ufunguo mmoja unazipanga pamoja kama nyanya za sokoni. Juu ya fungu inakaa arifa ya ziada ambayo kazi yake ni kuwa kichwa: inasema kwa kifupi kilichomo. Ukigusa kishale, fungu linafunguka na kila arifa inasimama yenyewe, ina kitufe chake cha kujibu, na unaweza kuifuta bila kuzigusa nyingine. Ukikisukuma kichwa pembeni, fungu zima linaondoka.

Kwa zile programu zisizojali, Google iliweka kanuni ya kujikinga. Programu ikiwa na arifa nne au zaidi ambazo haikuzipangia fungu lolote, mfumo unazikunja wenyewe. Kulitambua fungu la namna hiyo si vigumu. Kichwa chake hakina la kusema zaidi ya jina la programu, kwa sababu mfumo haujui kama zile nne zinahusu oda, deni au ofa ya sabuni, umezihesabu tu. Fungu lililopangwa na mtengenezaji mwenyewe lina kichwa kinachosema kitu.

Sasa rudi kwenye harusi. WhatsApp haitoi arifa 64. Inatoa moja kwa kila mazungumzo, kwa hiyo ni tatu: kamati, mama na fundi. Zote ziko chini ya kichwa kimoja chenye hesabu. Kila meseji mpya ya kamati inaingia ndani ya arifa ileile ya kamati, ikiwa na jina la aliyeandika. Uamuzi huu wa kupanga kwa mazungumzo, si kwa meseji wala kwa saa, ndio unaomwokoa mama. Orodha za michango zingeweza kuwa 600, na "nipigie" yake bado ingekuwa mstari wa pili au wa tatu fungu likifunguliwa. Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, mazungumzo ya watu yana sehemu yake juu ya arifa nyingine, na ukibonyeza arifa ya mama ukashikilia, unaweza kuyapa mazungumzo yake kipaumbele ili yakae juu ya yote.

Mpango huu una mahali unapovuja. Arifa ya mazungumzo haibebi historia nzima. Mfumo wa Android unahifadhi ndani yake meseji 25 za mwisho tu, na kioo kinaonyesha chache zaidi ya hizo. Kama mwenyekiti aliuliza "Nani atafuata viti kesho asubuhi?" kisha zikafuata pongezi 30, swali lake halimo tena kwenye arifa. Hesabu inasema 61, unachokiona ni maua. Anayezoea kusoma magrupu kwa kuchungulia arifa bila kufungua programu ndiye anayekuja kuulizwa Jumamosi mbona viti havijafika.

Watu wengi hulalamika kwamba arifa zao zimejikunja vizuri lakini simu inapiga kelele vilevile, na wana haki ya kushangaa. Kukunja na kulia ni mambo mawili yanayoamuliwa mbalimbali. Fungu linahusu macho. Mlio unaamuliwa na kila arifa kivyake, na usipoagizwa vingine mfumo unaruhusu zote zilie: za ndani na kichwa pia. Ndiyo maana kuna programu ambazo meseji moja inakupa milio miwili, mmoja wa meseji na mwingine wa kichwa kilichobadilika hesabu. Ukisikia hivyo, si masikio yako.

Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, mtengenezaji anaweza kuagiza kwamba katika fungu kilie kichwa peke yake, au zilie za ndani peke yake. Kuna pia agizo la tatu, dogo na zuri kuliko yote: arifa ilie mara ya kwanza tu, na ikibadilishwa maandishi baada ya hapo ibadilike kimya. Yakiunganishwa, kamati nzima ya harusi inaweza kuingia kwa mlio mmoja. Programu za meseji kwa kawaida haziweki hivyo kama hukuomba, kwa hoja kwamba mtu anayeandikiwa anataka kujua kila anapoandikiwa. Hoja hiyo inakaa vizuri kwa watu wawili wanaozungumza. Kwa grupu la watu 80 haina maana, na ndiyo sababu WhatsApp inakuachia mwenyewe kulinyamazisha grupu kwa saa 8, kwa wiki moja au moja kwa moja. Aliyenyamazisha bado anaarifiwa akitajwa kwa jina au meseji yake ikijibiwa, kwa hiyo mwenyekiti anayetaka viti vifuatwe akutaje kwa alama ya @ badala ya kuuliza hewani.

Mfumo wenyewe una breki, ila ni dhaifu. Tangu Android 8.1 programu hairuhusiwi kulia zaidi ya mara moja kwa sekunde. Inazuia mlio wa kucharuka kama bunduki. Haizuii milio 40 ndani ya dakika moja. Katika matoleo ya karibuni, kwanza kwenye simu za Pixel, Google imeongeza utaratibu mwingine: arifa zikifululiza kwa muda mfupi, simu inapunguza sauti na kuacha kuzirusha juu ya kioo kwa hadi dakika mbili. Simu za kupigiwa, kengele za saa na mazungumzo uliyoyapa kipaumbele haviguswi. Kwa nusu saa ya michango ya harusi, hiyo ni nafuu kubwa.

Upande wa duka ugumu ni wa aina nyingine. Grupu la harusi linafurika kwa sababu watu ni wengi. Duka linafurika kwa sababu kuna mtu ofisini amepangiwa kukurudisha dukani, na anajua kwamba arifa ya dereva ndiyo inayokuzuia usiizime programu yote.

Hapa kinachofanya kazi zaidi ya fungu ni chaneli. Android 8.0 ililazimisha kila arifa iwe na chaneli yake, yaani aina iliyosajiliwa na kupewa jina: oda, ofa, meseji za muuzaji, malipo. Na ikaweka sharti ambalo nalipenda sana: chaneli ikishaundwa, programu haina tena uwezo wa kuipandisha daraja. Ukiishusha chaneli ya ofa iwe kimya, duka haliwezi kuirudishia sauti. Mwenye simu pekee ndiye anayeweza. Njia ya kuifikia ni fupi. Ofa ikiingia, usiifute kwa hasira. Ibonyeze ushikilie, utaona imetoka chaneli ipi, kisha ichague iwe kimya au uizime kabisa. Dereva hataguswa, kwa sababu yuko kwenye chaneli nyingine.

Kama yuko kwenye chaneli nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua programu ya duka lako, kisha arifa, uangalie orodha ya aina zake. Duka lililotengenezwa kwa heshima litakuonyesha majina kadhaa yanayoeleweka. Jingine litakuonyesha jina moja tu, na mara nyingi ni "Miscellaneous". Neno hilo huwekwa na huduma ya Google ya kusambaza arifa pale mtengenezaji anaposhindwa kutaja chaneli yake. Maana yake dereva na sabuni wamepakiwa gari moja. Ukizima, umezima vyote; ukiacha, unapokea vyote. Hakuna mpangilio wa simu utakaowatenganisha, maana kwa mfumo hao ni kitu kimoja. Kilichobaki ni kutafuta ndani ya programu yenyewe, kwenye ukurasa wa akaunti, kama kuna swichi ya kukataa matangazo. Ikiwepo, hiyo inazuia arifa kule zinakotoka.

Kuna na ujanja. Kwa kuwa chaneli iliyonyamazishwa haiwezi kurudishiwa sauti, duka linaweza kuifuta na kuunda nyingine yenye jina linalofanana, na chaneli mpya inaanza na sauti. Google iliona hilo mapema. Chini kabisa ya ukurasa wa arifa wa programu, Android huonyesha idadi ya chaneli zilizofutwa na programu hiyo. Ni mstari mdogo wa kijivu ambao watu hawaushukii. Programu iliyofuta moja au mbili kwa miaka kadhaa haina neno. Programu moja ya duka niliyokuwa nayo ilikuwa imefuta zaidi ya kumi, na hapo nikaelewa kwa nini ofa zake zilikuwa zinafufuka kila zikizikwa.

Mafungu nayo yana kasoro zake, na mbili ni rahisi kuzitambua. Ya kwanza ni arifa za programu moja kusimama mojamoja ingawa ni za jambo moja. Mara nyingi mtengenezaji alizipa ufunguo akasahau kutengeneza kichwa, na mfumo, ukiona zimeshapewa ufunguo, haukuzikunja wenyewe kwa ile kanuni ya nne. Matoleo mapya yameanza kulazimisha. Ya pili ni kichwa kilichobaki peke yake: umeshasoma meseji zote ndani ya programu, lakini juu ya kioo bado pana mstari mmoja mtupu, ukiugusa unakupeleka kwenye ukurasa wa mwanzo tu. Programu imezifuta za ndani ikasahau kuondoa kichwa. Huna ulichokosa hapo. Kisukume pembeni.

Wenye iPhone walichelewa kidogo. Mpaka mwaka 2018 arifa zao zilipangwa kwa saa tu, mpya juu, kila moja peke yake. iOS 12 ikaleta mafungu, na kwenye mipangilio ya kila programu pana sehemu iitwayo Notification Grouping yenye chaguo tatu: Automatic, By App na Off. Ya kwanza inafuata mazungumzo kama mtengenezaji ameyatenga. Ya pili inakusanya kila kitu cha programu mahali pamoja, na humo mama anaweza kuzama ndani ya kamati. Kwa WhatsApp, acha Automatic. Kwa duka, By App inatosha.

Mwaka 2021 Apple ikaongeza jambo ambalo Android ya kawaida haikuwa nalo: kuahirisha. Kwenye Scheduled Summary unachagua programu zisizo na haraka na saa unazotaka kuletewa arifa zake, hadi mara 12 kwa siku, nazo zinakuja zote kwa pamoja. Wazo hilo lilikuwa limeshapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 237 nchini India kwa wiki mbili. Waliopelekewa arifa kwa mafungu matatu kwa siku walijisikia vizuri zaidi kuliko walioachiwa kama kawaida. Waliokatiwa arifa zote hawakupata nafuu hiyo. Walikuwa na wasiwasi zaidi wa kupitwa. Kwa hiyo anayekushauri uzime arifa zote moja kwa moja anakupa dawa kali kuliko ugonjwa.

Mpaka hapo muhtasari tuliozungumzia ni wa hesabu: meseji 64, mazungumzo 3. Hesabu ni bubu lakini haisemi uongo. Mwishoni mwa mwaka 2024 Apple ilianza kutoa muhtasari wa maneno, ambapo simu inasoma arifa za fungu na kuandika sentensi moja ya kilichomo. Ilianza kwa Kiingereza pekee. Desemba mwaka huohuo BBC ililalamika rasmi: muhtasari wa habari zake ulisema mtuhumiwa wa mauaji ya mkuu wa kampuni ya bima huko New York amejipiga risasi. BBC haikuandika hivyo, na halikutokea. Januari 2025 Apple ikasimamisha muhtasari wa programu za habari na burudani, na uliobaki ikauandika kwa herufi za mlazo ili msomaji ajue si maneno ya mtumaji.

Kosa lile linaeleweka ukifikiria kinachosomwa. Vichwa vitatu vya habari visivyohusiana, kila kimoja maneno nane, vinabanwa viwe sentensi moja. Ni rahisi mtu wa habari ya kwanza kupewa tendo la habari ya tatu. Grupu la harusi lina hatari hiyohiyo: nani ametoa, nani ameahidi tu, nani ameombwa radhi. Kwa mambo ya pesa na misiba, mimi ningebaki na hesabu, kisha nifungue nisome.

Linabaki sanduku moja ambalo mafungu hayajalifikia vizuri, nalo ni SMS za kawaida. Kwetu huko ndiko pesa za simu zinakothibitishwa, na hukohuko ndiko kampuni za kamari na vifurushi zinakopita. Programu ya SMS inapanga kwa mtumaji, kwa hiyo kampuni ya kamari yenye jina lake unaweza kuibonyeza, ukaishikilia na kuinyamazisha peke yake. Lakini mtandao ukitumia jina lilelile la mtumaji kukupa risiti ya muamala asubuhi na kukutangazia bando jioni, simu haina pa kukata. Ukinyamazisha bando umenyamazisha na risiti. Hapo wa kuamua ni mtandao, na namba ya kupiga ni ile ya huduma kwa wateja: uliza kama wana utaratibu wa kukutoa kwenye matangazo bila kugusa risiti zako.